Naomba Mnifungulie zenodo.org

"Naomba mnifungulie tovuti ya utafiti. Imefungwa, na siwezi kuendelea na tasnifu yangu." Barua ya namna hii ina adabu, na dhiki yake ni ya kweli, lakini ofisa wa TEHAMA akishaisoma hana la kufanya. Hajui ni tovuti ipi. Hajui kama iliyozuia ni mitambo ya chuo au ni tovuti yenyewe iliyomkataa mwanafunzi. Hajui akiifungua atakuwa ameruhusu nini kingine kipite. Basi anarudisha maswali, mwanafunzi anajibu nusu, na wiki inakatika barua ikiwa bado inazunguka.

Majibu ya maswali hayo mwanafunzi anaweza kuyapata mwenyewe, akiwa na laptopu na bando dogo la simu. Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Tuseme kuna mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya isimu katika chuo kimoja cha Dar es Salaam. Anachunguza msamiati wa magazeti ya Kiswahili: maneno gani hutawala habari za michezo, yapi hutawala za siasa, na yapi huvuka mpaka. Anahitaji mkusanyiko mkubwa wa habari zilizokwisha kupangwa kwa mada, na mkusanyiko wa aina hiyo upo katika Zenodo tangu mwaka 2020.

Zenodo ni ghala la data na maandiko ya utafiti lisilotoza ada. Lilianzishwa mwaka 2013 na linaendeshwa na CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichoko karibu na Geneva. Mtafiti wa nchi yoyote hujisajili, huweka mafaili yake, na hupewa namba ya kudumu iitwayo DOI ili wengine waweze kuinukuu kazi yake. Mwanafunzi wetu ameiona DOI hiyo mwishoni mwa makala fulani. Anaibonyeza akiwa kwenye waifai ya maktaba. Kivinjari kinazunguka kidogo, kinatoa onyo la usalama, kisha unakuja ukurasa unaosema tovuti imezuiwa.

Kichujio kinaona jina tu

Kati ya mtandao wa chuo na intaneti ya nje, vyuo vingi huweka mtambo wa kuchuja. Kampuni iliyotengeneza mtambo huo huzigawa tovuti za dunia katika makundi: habari, elimu, kamari, ponografia, programu hatari, na mengine mengi. Chuo hakizuii tovuti mojamoja. Kinachagua makundi ya kuzuia, na orodha ya tovuti zilizomo katika kila kundi hutoka kwa kampuni na hubadilika kila mara. Kwa hiyo yawezekana kabisa kwamba hakuna mtu yeyote chuoni aliyewahi kuamua kuifunga Zenodo. Kuna mtu aliyezuia kundi fulani muda mrefu uliopita, na Zenodo ikawa imo.

Kwa nini iwemo? Mtambo huangalia tovuti inafanya nini, hauulizi inamfaa nani. Zenodo inamruhusu yeyote kupandisha mafaili na yeyote kuyashusha. Kwa mwenendo huo inafanana na maghala ambayo watu huficha filamu za wizi na programu zenye virusi. Ikiwekwa katika kundi kama "File Sharing and Storage", mtambo haujakosea kwa kipimo chake. Kipimo chenyewe ndicho kisichojua tasnifu.

Jambo la pili ni kwamba kwa tovuti nyingi mtambo hauoni ukurasa unaosomwa. Tovuti za siku hizi hutumia HTTPS, ambayo hufumba mazungumzo yote kati ya kivinjari na seva. Kinachobaki wazi, katika salamu za mwanzo tu, ni jina la tovuti. Mtambo unaliona jina zenodo.org na unaamua hapohapo. Hauwezi kujua kama mwanafunzi anafuata habari za magazeti au kitu kingine, isipokuwa pale chuo kilipoamua kuyafumbua mazungumzo hayo na kuyafumba tena, kazi nzito ambayo vyuo vingi huikwepa. Ndiyo maana tovuti huhukumiwa nzima, kwa jina lake.

Kukaza kichujio ili kisikosee hakusaidii, na hilo lilipimwa zamani. Mwaka 2002 taasisi ya Kaiser Family Foundation ya Marekani ilichapisha utafiti kuhusu programu za kuchuja zilizotumika mashuleni na maktabani. Zikiwekwa katika kiwango cha ulegevu, zilizuia asilimia 1.4 ya kurasa za afya na asilimia 87 ya kurasa za ponografia. Zikikazwa hadi mwisho, kurasa za afya zilizozuiwa zilipanda hadi asilimia 24, wakati ponografia ilipanda hadi 91 tu. Faida ilikuwa ndogo, na waliolipa ni waliokuwa wakitafuta habari za afya. Mitambo imebadilika tangu wakati ule, lakini somo lile linamfaa ofisa wa leo: kichujio kinahitaji mlango wa malalamiko, na barua ya mwanafunzi ndiyo inayopita hapo.

Kwanza jua aliyezuia

Kabla ya kuandika, mwanafunzi wetu anafanya jaribio rahisi kuliko yote. Anaizima waifai ya chuo, anawasha hotspoti ya simu yake na kufungua kiungo kilekile. Ukurasa unafunguka. Sasa anajua kwamba Zenodo iko hai na kwamba kizuizi kinahusu mtandao wa chuo. Kama usingefunguka hata kwa bando la simu, wala kwa laini ya kampuni nyingine, barua kwa ofisi ya TEHAMA isingekuwa na maana, kwa sababu tatizo lingekuwa nje ya chuo.

Anarudi kwenye waifai ya maktaba na kuutazama ukurasa wa kizuizi vizuri. Kurasa hizi huandika mambo matatu ambayo wengi huyapita: anwani iliyozuiwa, jina la kundi, na mara nyingi anwani ya IP ya kompyuta iliyoomba. Kwake yeye, anwani iliyoandikwa ni zenodo.org na kundi ni "File Sharing and Storage". Hapo anagundua jambo ambalo lingempotosha. Kiungo alichobonyeza kilianza na doi.org, lakini doi.org haikuzuiwa. Kazi yake ni kuelekeza tu, na ilimpeleka zenodo.org, ambako ndiko aliposimamishwa. Angeomba kufunguliwa doi.org, ofisa angeijaribu, angeikuta wazi, na angemjibu kwamba hakuna tatizo.

Lile onyo la usalama nalo lina habari. Mtambo unapotaka kuonyesha ukurasa wake badala ya ukurasa wa HTTPS, hulazimika kujitokeza kwa cheti chake wenyewe, na kivinjari kinashtuka kwa sababu cheti hicho si cha Zenodo. Ukifungua maelezo ya cheti utakuta kimetolewa na mtambo wa kuchuja au na chuo. Huo ni ushahidi kwamba aliyezuia yuko ndani. Lakini onyo hilo lisiwe jambo la kuzoea kulipuuza: ukiliona kwenye ukurasa wa benki au wa barua pepe, usiandike nywila yako.

Wakati mwingine hakuna ukurasa wa kizuizi kabisa. Kivinjari kinasema DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN, yaani jina la tovuti halikupata anwani. Hapo huenda kizuizi kiko kwenye DNS, huduma ya chuo inayogeuza majina kuwa anwani za IP. Njia ya kupima ni amri moja, iendeshwe mara mbili, kwanza kwenye waifai ya chuo na kisha kwenye hotspoti:

```
nslookup zenodo.org
```

Kama kwenye simu unapata anwani ya kawaida na chuoni hupati kitu, au unapata anwani ya ndani inayoanza na 10. au 192.168., kizuizi kimepatikana. Tahadhari hapa ni kwamba anwani mbili tofauti peke yake si ushahidi. Tovuti kubwa hutoa anwani tofauti kwa watumiaji wa sehemu tofauti. Kinachothibitisha ni kukosekana kwa jibu, au jibu la anwani ya ndani.

Barua yenyewe

Sasa mwanafunzi ana la kuandika. Barua ya kiofisi ina taratibu zake, nazo hazina sababu ya kubadilika. Kinachobadilika ni kilichomo katikati.

> Mkuu wa Kitengo cha TEHAMA,
> Kupitia kwa: Mkuu wa Idara ya Isimu.
>
> Ndugu,
>
> YAH: OMBI LA KUFUNGULIWA TOVUTI YA zenodo.org KWA AJILI YA DATA YA UTAFITI
>
> Husika na mada tajwa hapo juu.
>
> Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika idara tajwa. Utafiti wangu unahusu msamiati wa magazeti ya Kiswahili, na data yake imehifadhiwa katika Zenodo, ghala la utafiti linaloendeshwa na CERN. Kiungo cha data hiyo kimeambatishwa.
>
> Tarehe 4 Machi, saa 4:20 asubuhi, nikiwa kwenye waifai ya maktaba, nilipojaribu kufungua kiungo hicho nilipata ukurasa wa kizuizi unaotaja zenodo.org na kundi la "File Sharing and Storage". Picha ya skrini imeambatishwa. Kiungo hichohicho kinafunguka kwa intaneti ya simu.
>
> Naomba ifunguliwe anwani ya zenodo.org peke yake. Siombi kundi zima lifunguliwe. Nahitaji kusoma na kushusha tu, sihitaji kupandisha mafaili. Mafaili nitakayoshusha ni matatu, jumla yake haifiki gigabaiti 2, na ninaweza kuyashusha usiku wakati mtandao hauna watumiaji wengi.
>
> Ninahitaji tovuti hii hadi tarehe 30 Septemba, siku ya kukusanya tasnifu. Kama kuna sababu za kiusalama za kutoifungua, naomba kuelekezwa njia nyingine ya kuipata data hii. Msimamizi wangu ameridhia ombi hili kwa saini yake hapa chini.
>
> Natanguliza shukrani.

Barua hii haizidi ukurasa mmoja, lakini kila aya inamwondolea ofisa swali moja. Tarehe na saa si mapambo. Mtambo huandika kumbukumbu ya kila ilichozuia, na kumbukumbu hizo kwa siku moja ya chuo huwa nyingi mno kusomwa. Ofisa akijua saa na jina la tovuti, anaitafuta mistari ile na kuiona kwa macho yake: sera gani ilizuia, kwa kundi gani, kwa kompyuta iliyo wapi. Akikosa saa, anabaki kukisia.

Sentensi nzito kuliko zote ni ile ya "Siombi kundi zima lifunguliwe." Ofisa anayesoma ombi la kufungua tovuti ya kushusha mafaili huona mambo mawili mbele yake: virusi, na foleni ya intaneti. Zenodo huruhusu rekodi moja ya data ifikie gigabaiti 50. Wanafunzi kumi wakishusha rekodi za ukubwa huo mchana, maktaba nzima itahisi. Mwanafunzi aliyetaja ukubwa wa mafaili yake na muda wa kuyashusha ameonyesha kwamba ameliwazia hilo. Na aliyetaja jina moja badala ya kundi amempa ofisa jambo dogo la kuamua.

Upande wa pili wa meza

Ofisa anazo njia zaidi ya moja, na si zote zina uzito sawa. Anaweza kuiondoa tovuti kabisa katika ukaguzi, ikapita bila kuguswa. Ni njia ya haraka, lakini hata kinga ya virusi huachwa nje. Njia bora ni kuihamisha zenodo.org peke yake, kwenye mtambo wa chuo, kutoka kundi la maghala ya mafaili na kuiweka katika kundi la elimu. Tovuti inafunguka, na kinga nyingine zinaendelea kufanya kazi. Anaweza pia kuiandikia kampuni ya mtambo aombe ibadilishe kundi. Kampuni kubwa zina ukurasa wa maombi ya aina hiyo, na ombi likikubaliwa, chuo kingine chenye mtambo uleule kinanufaika bila kuandika chochote.

Baada ya kufungua, kazi haijaisha. Ukurasa wa tovuti moja mara nyingi huita vitu kutoka majina mengine: picha kutoka huku, maandishi kutoka kule, mafaili kutoka seva ya tatu. Dalili yake ni ukurasa unaofunguka nusu, wenye maandishi yasiyo na mpangilio, au kitufe cha kushusha kisichoitika. Mwanafunzi akiliona hilo asiandike tena kwamba "bado imefungwa". Abonyeze F12, afungue sehemu ya Network, apakie ukurasa upya, na ayanakili majina yaliyoandikwa kwa rangi nyekundu. Hayo ndiyo ya kumpelekea ofisa, na hujibiwa upesi kwa sababu mjadala wa kama tovuti inafaa ulikwisha.

Mlango uliofungwa kutoka nje

Kuna kizuizi kinachofanana sana na hiki ambacho ofisi ya TEHAMA haikukiweka na haiwezi kukiondoa kwa kubonyeza. Kompyuta zote za chuo hutoka kwenye intaneti zikiwa na anwani moja au chache za IP. Kwa tovuti ya nje, wanafunzi elfu kadhaa ni kama mtu mmoja. Mmoja wao akiiudhi tovuti, wote wanaadhibiwa.

Hili lilitokea Oktoba 2010 katika chuo cha MIT nchini Marekani. Aaron Swartz alikuwa ameunganisha laptopu kwenye mtandao wa chuo hicho, akawa anashusha makala za JSTOR kwa wingi kwa programu aliyoiandika. JSTOR ilipoona kasi ile, ilifunga kwanza anwani zilizohusika. Ushushaji ulipoendelea kwa anwani nyingine, ilikata huduma kwa MIT nzima kwa siku kadhaa. Profesa aliyekuwa akitafuta makala moja alikutana na mlango uliofungwa kwa sababu ya laptopu asiyoijua.

Sababu huwa ndogo kuliko hiyo. Hifadhi za taasisi ya NCBI ya Marekani, yenye PubMed, huruhusu programu kutuma maombi matatu kwa sekunde, au kumi kwa aliyejisajili na kupata ufunguo. Mwanafunzi anayeandika programu fupi ya kukusanya muhtasari wa makala, akasahau kuweka pumziko kati ya ombi na ombi, anaweza kupita kiwango hicho upesi.

Kizuizi cha namna hii hutambulika kwa sura. Ukurasa unaotokea una nembo ya tovuti yenyewe, au namba 403 au 429, na hautaji kundi lolote. Cheti ni cha tovuti, si cha mtambo wa chuo. Kwa simu, kiungo kinafunguka. Hapo barua hubadilika. Inapaswa kumwomba ofisa awasiliane na tovuti hiyo kwa niaba ya chuo, ikitaja anwani ya IP ya nje ambayo chuo kinaonekana nayo, na saa kizuizi kilipoanza. Kama ni jarida la kulipiwa, nakala iende kwa mkutubi, maana mara nyingi maktaba ndiyo inayoshika mikataba. Nchini Tanzania vyuo vingi hupata majarida hayo kwa pamoja kupitia COTUL, muungano wa maktaba za vyuo vikuu na taasisi za utafiti, na Kenya kupitia KLISC. Na kama mwanafunzi anajua kwamba programu yake mwenyewe ndiyo chanzo, aseme. Swali la kwanza la tovuti litakuwa kama ushushaji umekoma, na ofisa asiyejua hawezi kulijibu.

Barua isipofua dafu

Yapo maombi ambayo ofisi haina mamlaka nayo. Tovuti iliyozuiwa na watoa huduma wote nchini haifunguliwi na mkuu wa kitengo cha chuo, hata barua iwe nzuri vipi. Wengi hukimbilia VPN. Nchini Tanzania, Oktoba 2023, TCRA iliwataka wanaotumia VPN kujiandikisha, kwa hiyo si jambo la kufanya kimyakimya kwenye mtandao wa chuo. Isitoshe, VPN huwa katika kundi lake ambalo vichujio huzuia, na mwanafunzi aliyekuwa na ombi halali anajikuta ana kosa la kujieleza.

Ofisi ikikataa tovuti iliyo ndani ya uwezo wake, ile sentensi ya kuomba njia nyingine ndiyo inayobaki na kazi. Ofisa anaweza kuyashusha mafaili matatu mwenyewe, ayakague na kuyaweka kwenye seva ya chuo. Anaweza kuifungua tovuti kwa kompyuta mbili za maktaba tu. Mkutubi anaweza kuitafuta data ileile katika ghala jingine lisilozuiwa, kwa kuwa watafiti wengi huweka nakala zaidi ya moja. Njia hizi ni za polepole, lakini tasnifu inaendelea.

Zikifunguliwa tovuti kama hizi, mwanafunzi amwombe mkutubi aziandike katika orodha moja: jina la tovuti, kundi lililoizuia, tarehe iliyofunguliwa na tarehe ya kufungwa tena. Tarehe hiyo ya mwisho ndiyo husahauliwa. Ruhusa ya mwanafunzi wetu inakoma tarehe 30 Septemba, na mwanafunzi atakayeanza Oktoba atakutana na ukurasa uleule wa kizuizi. Akiikuta orodha, hatahitaji kuthibitisha upya kwamba Zenodo ni ghala la utafiti. Ataomba ruhusa iongezwe muda, na maktaba ikiona maombi ya aina hiyo yanajirudia, ina hoja ya kuiomba ofisi iiache zenodo.org wazi moja kwa moja.